Ramani Niliyoinyamazia

Mwenzangu alipopewa kazi ya kwenda kuzungumza na watu wa Mjambere, mimi niliyezaliwa Mjambere nilipewa kazi ya kumsafishia slaidi.

Tulisoma chuo kimoja, tukaajiriwa mwezi mmoja katika mradi mdogo wa kifua kikuu. Ofisi yetu ilikuwa Changamwe, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya malori. Alama zangu zilikuwa bora kuliko zake. Nalitaja hili mapema kwa sababu siku zile nilikuwa nalitaja moyoni kila asubuhi. Lakini yeye akisema neno watu husikiliza, na mimi nikiuliza swali watu huanza kukusanya makaratasi yao. Hata wazee wa mtaa wetu walimzoea haraka. Yeye ni binti wa Bofu, ng'ambo ya kivuko, lakini alikuwa akiingia kwetu Kisauni kama aingiaye kwa shangazi yake.

"Wewe hupenda kuhoji," mkuu wetu wa mradi aliniambia. "Basi zihoji hizi. Zilitengenezwa kwa maofisa wa afya, mkutano wa ndani, miaka mitatu iliyopita. Jumamosi zinakwenda mbele ya wananchi. Tia alama kila kilichopitwa na wakati, kila cha siri, kila kitakachomuumiza mtu. Mwenzako atarekebisha."

Mwenzako atarekebisha, kisha mwenzako atasimama. Mimi nitakaa nyuma nishike waya wa projekta.

Nilikaa na faili lile siku nzima, na nakiri nililifurahia. Slaidi ya tatu iliwaita watu "washukiwa wa TB", kana kwamba kukohoa ni wizi. Neno hilo liliachwa zamani. Slaidi ya tano iliwaita wagonjwa walioacha dawa "watoro". Nikaandika pembeni kwamba utoro ni wa shule na jela, tuseme waliokatiza matibabu. Slaidi ya saba ilisema anayerudia matibabu atachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Utaratibu huo ulikwisha kuondolewa, na mtu akiusikia ataogopa kurudi kliniki bure. Jedwali moja lilionyesha wagonjwa kijiji kwa kijiji, umri na jinsia, na safu moja ilikuwa na mwanamke mmoja tu, mwenye miaka sabini na kitu. Mtu mmoja katika kijiji si takwimu tena, huyo ni jirani. Chini ya picha ya mgonjwa, katika maelezo ya msemaji ambayo hayaonekani ukutani lakini husafiri na faili, kulikuwa na jina lake kamili.

Hayo yalikuwa ya haki. Kisha wivu ukanishika mkono. Niliandika kwamba rangi ya kijani haipendezi. Niliandika kwamba herufi ni ndogo, kwamba sentensi ya slaidi ya tisa ni ya kivivu, kwamba mchoro wa mapafu unafanana na figo. Nilipomaliza, alama zilikuwa arobaini na moja.

Slaidi ya kumi na mbili sikuitia alama.

Ilikuwa ramani ya Mjambere, picha iliyopigwa kutoka angani, na juu yake nukta nyekundu, kila nukta nyumba ya mgonjwa. Hakuna jina hata moja. Kwa maofisa ilikuwa na maana, kwani walitaka kujua wawatume wapi wahudumu wa kutembelea nyumba. Mgeni angeona mabati tu. Mimi niliona msikiti, nikaona kisima, na nyuma ya kisima paa lenye kutu upande mmoja, limekaa peke yake na nukta yake. Ni nyumba ya mama anayeuza mahamri. Nimeyala mahamri yake tangu sijui kufunga vifungo vya shati.

Nukta haikusema ni yeye au ni mtu wa nyumbani mwake. Wala mimi sikustahili kujua hata hicho kidogo. Lakini ukumbi mzima ungeliona paa lile, na nani angekwenda tena kununua pale? Ungeweza kueleza mpaka jua litue kwamba aliyetibiwa hakuambukizi, na kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye mahamri. Watu wangeitikia kwa heshima, na asubuhi wangenunua mkate dukani.

Nililijua hilo lote, na bado sikuandika. Nilijiambia ramani haina majina, kwa hiyo si siri, na kwamba mrekebishaji ni yeye. Ukweli ni kwamba nilikwisha kumwona akilini amesimama mbele ya watu wa kwetu, minong'ono inaanza, na yeye hajui imeanzia wapi. Niliipenda picha hiyo. Nikamtumia faili.

Kesho yake alikuja mezani kwangu na kompyuta yake.

"Ndugu yangu, umenipaka wekundu kama bibi harusi," alisema. "Hapa umeandika kijani hakipendezi. Kijani ni siri ya mgonjwa?"

"Ni maoni tu."

"Maoni arobaini na moja. Hebu niambie, alama zipi zinaumiza watu na zipi zinakuudhi wewe?"

Alivuta kiti, akaanza kuzipanga mwenyewe. Za sindano, jedwali na jina aliziweka juu. Ya kijani aliifuta akicheka. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi.

"Lakini nimefurahi kwa moja," akasema. "Ramani ya kwenu hujaigusa. Mimi nilikuwa na shaka nayo, ila nikasema huyu mwenyeji, kama ingekuwa na neno angeliona. Nitaanza nayo, watu hupenda kuona mtaa wao."

Aliniamini. Hata sasa sijui kama nilisema kwa ajili ya mama yule au kwa sababu ya aibu ya kuaminiwa.

"Itoe," nikasema. "Wenyeji watazijua nyumba."

"Unaijua mojawapo?"

"Usiniulize ipi."

"Uliiona jana?"

"Niliiona."

Akageukia kompyuta yake. Nilidhani ataificha slaidi tu, irukwe wakati wa kuonyesha, kwa hiyo nikajitia mwalimu: slaidi iliyofichwa bado imo ndani ya faili. "Najua," akasema, akaifuta kabisa kwenye nakala mpya. Nakala ya zamani akaiandika juu kwamba ni ya ndani, si ya kusambazwa, akamwomba mkuu aifunge, wasiohusika wasiifikie. Mahali pa ramani akaweka idadi ya wagonjwa wa wadi yote, bila kutaja mtaa, na saa za kliniki.

Jumamosi, katika darasa la shule ya msingi, mzee mmoja alisimama. "Binti yangu, mmetuambia wagonjwa wapo. Mbona hamtuonyeshi wako wapi, tujihadhari?"

Nilikuwa na jibu refu, lenye hoja tatu. Yeye alisema, "Shikamoo baba. Siku ukiumwa wewe, ungependa nimwonyeshe nani nyumba yako?"

Mzee akacheka, akakaa. Watu wakacheka naye. Kwenye dawati la tatu mama wa mahamri alikuwa akijipepea kwa ncha ya kanga, naye anacheka. Nilishika waya wa projekta, nikatamani jibu lile lingekuwa langu.