Kitovu Nilichokatazwa Kugusa

Nilikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini katika hospitali ya wilaya, mkoani Tanga. Nasema hivyo kwa uchungu, si kwa majivuno, kwa sababu nilipofika Toronto kumsaidia binti yangu aliyejifungua, kitu cha kwanza nilichokatazwa ni kugusa kitovu cha mjukuu wangu.

Mtoto alikuwa na siku tatu. Binti yangu anafanya kazi benki, na alinikalisha kwenye kochi la nyumba yao, ghorofa ya kumi na nne pale Thorncliffe Park, akanieleza kwa upole uleule ambao nadhani huwanyimia watu mikopo. Hapa mambo ya kienyeji hayatakiwi, akasema. Hakuna majivu, hakuna mafuta, hakuna mate. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mbele ya mabenchi ya kliniki kuwaambia kina mama kitovu kiachwe wazi, kikavu, kisipakwe kitu. Miaka yetu ya mwanzo tulipaka spiriti; tukaambiwa tuache, tukaacha. Alitabasamu, akasema anajua, ila mimi ni mtu wa zamani, na pampasi atabadilisha mwenyewe. Nikaachiwa jiko.

Nilipika supu na uji wa pilipili manga, nikakunja nguo. Mumewe anaendesha lori la masafa marefu na alikuwa mikoa ya magharibi huko. Mama mkwe wa binti yangu yuko Dar es Salaam, na yeye hakuitwa mtu wa zamani na yeyote. Asubuhi na jioni alipigiwa simu ya video, akaingizwa chumbani, akaegemezwa kwenye mto huku mtoto akibadilishwa. Mlango ulifungwa. Nilisikia sauti yake, maneno sikuyapata, na sikutaka kuonekana nategea sikio nyumbani kwa mwanangu.

Siku ya nane binti yangu alinipa mtoto nimcheulishe wakati yeye anaoga. Asubuhi ile mtoto alikuwa amenyonya kivivu na kulala tu, na mama yake alifurahi kwamba amekuwa mtulivu. Nilipomweka begani ikanijia harufu. Kitovu kinachokauka huwa na kaharufu kadogo, hilo nalijua. Hii haikuwa hiyo. Nilimlaza kwenye kochi, nikamfungua.

Pampasi ilikuwa imevutwa juu karibu na kifua. Chini yake mtoto alikuwa amefungwa kipande cha kanga, mizunguko miwili, fundo ubavuni. Kitambaa kilikuwa kimelowa mkojo na kina doa la manjano. Nilikifungua polepole. Kikonyo cha kitovu cha siku nane kinatakiwa kiwe kimekauka na kuwa cheusi, kama kikonyo cha boga kilichokaa juani. Hiki kilikuwa laini, kimelowa, na shinani usaha unatoka. Laiti ingekuwa alama nyembamba ya wekundu pale pampasi inapokwaruza, ningekunja pampasi ikae chini ya kitovu, nikaangalia tu. Lakini wekundu huu ulikuwa umetambaa tumboni upana wa vidole viwili, ngozi imevimba na ina moto. Nilipoigusa mtoto alilia kilio chembamba. Kipimajoto cha kwapani kilisema thelathini na nane na nusu.

Binti yangu alitoka na taulo kichwani. Kwanza alikasirika kwamba nimemfungua mtoto, kisha akaona. Nilimuuliza nani amefunga hiki. Amefunga yeye, siku tano zilizopita, kwa maelekezo ya mama mkwe: mtoto wa kiume kitovu kikidondokea sehemu zake za siri, uanaume wake umekwisha, hivyo kifungwe kisidondoke ovyo.

"Sikuamini, Mama," aliniambia. "Lakini kama ni kweli je?"

Mwanamke mwenye digrii mbili. Imani hiyo nimepigana nayo tangu nikiwa msichana kwenye sare mpya, na angeniuliza ningemjibu kwa sentensi moja kabla chai haijapoa. Nilitaka kumzaba kibao, na wakati huohuo nikamwonea huruma. Alisema wana miadi kliniki keshokutwa. Alitaka kwanza tumsafishe kwa maji ya chumvi, tuone kama wekundu utapungua.

"Mtoto wa siku nane mwenye homa hasubiri miadi," nilimwambia. "Vaa viatu."

Nilikitia kile kitambaa kwenye mfuko wa plastiki tukaita teksi. Hospitalini, muuguzi wa mapokezi aliposikia umri wa mtoto na homa, hatukukaa kwenye foleni. Daktari alimfunua, akauliza kama kuna chochote kilichopakwa. Binti yangu alijibu kwa Kiingereza, vizuri kabisa: hakuna kilichopakwa, kilifungwa kwa kitambaa hiki, chini ya pampasi, siku tano. Akaangusha macho sakafuni.

"Ni mama yangu," akasema. "Ndiyo kwanza ametoka Afrika."

Anajua vizuri kwamba Kiingereza nakielewa. Nilifungua mdomo. Daktari alikuwa tayari ameushika mkono wa mtoto akitafuta mshipa. Yote aliyohitaji kujua alikuwa ameambiwa, na kwa usahihi. Uongo ulikuwa kwenye jina la aliyefunga tu, na hilo halibadilishi dawa. Nikaufunga mdomo.

Walimtoa damu, wakachukua usaha kwenye pamba ya kupimia, wakaanza antibayotiki kwenye mshipa. Daktari alieleza kwamba maambukizi ya kitovu yanaweza kupita ndani hadi kwenye damu, na kwamba tumefanya vyema kutokungoja. Mtoto akalazwa. Baadaye muuguzi mmoja, msichana mwenye roho nzuri, alichuchumaa mbele yangu na karatasi yenye picha, akanifundisha polepole na kwa sauti kubwa. Pampasi ikunjwe chini ya kitovu. Kipigwe na hewa. Kikichafuka ni maji matupu, kisha kikaushwe. Wekundu ukisambaa, usaha, harufu mbaya, homa, mtoto akikataa kunyonya, njoo siku hiyohiyo. Karatasi ile ningeweza kuiandika mimi. Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo, asante mwanangu. Binti yangu alikaa pembeni yangu akiangalia simu.

Wiki nzima tulikaa wodini, na wiki nzima nilimngoja aseme neno. Siku ya kumi na tatu kitovu kilidondoka ndani ya pampasi, palepale palipoogopwa, na mjukuu wangu akamkojolea muuguzi hadi kwenye miwani. Nilicheka peke yangu. Tulirudi nyumbani mtoto mzima, na neno lile halikuja.

Lilikuja jingine siku ya arobaini. Sebule ilijaa wanawake wa kwetu wanaoishi huku, pilau imeiva, na mmoja akauliza habari za hospitali. Binti yangu alisimulia. Mama alimfunga mtoto kitambaa, akasema, mimi nikaona wekundu, nikamkimbiza. Wanawake walinitazama kwa huruma. Mmoja akanipapasa goti akasema wazee wetu ndivyo walivyo. Nilimtazama binti yangu usoni nikitafuta aibu. Tangu utotoni akidanganya hushika sikio. Mkono wake ulitulia juu ya meza. Nikaelewa kwamba hakuwa akidanganya tena. Hivyo ndivyo anavyokumbuka sasa.

Mtoto akajikojolea, akaanza kulia. Nilinyoosha mikono nimchukue. Binti yangu alimpitisha mbele yangu, akampa jirani, msichana ambaye hajawahi kuzaa.

"Pumzika, Mama," akasema. "Atambadilisha yeye."

Niliirudisha mikono yangu mapajani.