Bibi Anayepunga Mkono

Studioni tulimwita Dada Penseli, maana penseli haikumtoka sikioni hata wakati wa kula. Alichora katuni za watoto, zile zinazotembea. Mkia wa paka, kengele inayobembea, vyote alivipitisha kwenye upinde, yaani mstari uliopinda. Mkono huzunguka begani, alituambia. Ukiupitisha kwenye mstari ulionyooka, unafupika katikati na kuwa wa roboti.

Ndiyo maana nilishangaa alipoleta picha za bibi anayemuaga mjukuu mlangoni. Ili kukagua mwendo wa mkono, karatasi baada ya karatasi niliweka nukta pale kiganja kilipofika, kisha nikaziunganisha. Mstari ulipanda wima, ukashuka wima.

Mdomo wangu huu! "Dada, huyu bibi anaaga au anateka maji kisimani?" nikamuuliza, huku nikicheka.

Hakucheka. "Mama aliniaga hivyo mara ya mwisho. Upande mmoja ulikuwa umepooza. Aliushika ule mkono kwa mkono wake mzima, akaunyanyua juu, akaushusha."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia basi, tuziache.

"Tuziache vipi? Watoto watacheka kama ulivyocheka wewe."

Akachukua kifutio. Alifuta kiganja kimoja kimoja, akachora upya kwa kufuata upinde kutoka begani, kisha akazipeperusha karatasi kwa kidole gumba. Bibi akapunga mkono vizuri, laini, kama mtu asiyeumwa popote.

"Sasa amependeza," nikasema.

"Amependeza," akajibu, akipangusa vumbi la kifutio mezani. "Ila huyu simjui."