Mstari wa Mama Katika Barua ya Benki

Barua ya kwanza aliiandika mume wangu. Yeye ni mwalimu, serikali ilimleta huku Butembo kutoka jimbo lingine, na Kifaransa chake nilikipenda kabla sijampenda yeye mwenyewe. Ilijaa kurasa mbili. Ilimsalimu meneja, ikamsifu, ikaiombea benki baraka, ikasikitikia vita vya nchi nzima, kisha ikaahidi kwamba mimi, mke wake, nitalipa deni lote bila kukawia, Mungu akipenda. Aliponisomea nilitaka kupiga makofi.

Afisa wa mikopo, msichana mwenye miwani ambaye angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, aliisoma mbele yangu mpaka chini. Akairudisha juu ya meza.

"Mama, Kifaransa ni muzuri kabisa. Mais sijaona unaomba nini."

Nilikasirika. Nilikuwa nimevaa kitenge kizuri, nimesimama foleni asubuhi nzima, na huyu mtoto ananiambia haoni.

"Hauone vita?" nikamuuliza.

"Vita, kila mutu anaandika vita. Comité ya mikopo inataka kujua vita ilifanya nini ku biashara yako weye. Donc mambo tatu tu: kitu gani ilikufikia, unaomba nini, na utalipa na pesa ya wapi."

Nilitoka bila kuaga vizuri. Lakini njiani, nikipanda mtaa wetu, hasira ilipungua na woga ukachukua nafasi yake. Rehani ya mkopo wangu wa biashara ilikuwa nyumba ya mama yangu kule Beni. Baba aliijenga kwa kahawa, akamwachia mama, na mama aliweka kidole chake kwenye karatasi za benki kwa sababu mimi nilimwomba. Marejesho mawili yalikuwa yamenipita. Kama la tatu nalo lingepita, faili ingekwenda kwa wanasheria, na mama angeanza kutafutiwa pa kulala katika uzee wake.

Shida ni kwamba kwetu mfanyabiashara hasemi ameanguka. Ukimuuliza atajibu "kidogo kidogo", atajibu "tunavumilia", atacheka. Akisema amepoteza mtaji, kesho yake hakuna tajiri wa kumpa bidhaa kwa deni. Mimi nilikuwa nimecheka hivyo miezi mingi hadi nikasahau namna ya kusema kilichotokea. Kumbe kilikuwa kifupi. Kwa pesa ya mkopo nilinunua magunia ya viazi na maharagwe kule Alimbongo, nikayaweka kwenye depo kungoja lori. Mapigano yakafika, barabara ikafungwa, depo ikavunjwa. Sikurudi na gunia hata moja.

Mume wangu alinuna nilipomwambia tufute kurasa zake. "Ile barua ilikuwa na heshima!" alisema. Nikamwambia heshima yake tutaiweka kwenye salamu, itoshe mstari mmoja. Alicheka mwishowe. Tulikaa mezani, mimi nikisema kwa Kiswahili, yeye akiandika kwa Kifaransa, na kila alipoongeza neno la kupamba nilimgonga mkono kwa kijiko. Namshukuru mpaka leo kwa kuvumilia kijiko kile. Tuliandika kuhusu depo, tukaambatanisha stakabadhi za kununua magunia na cheti alichotusainia mwenye depo, ambaye naye alikuwa amekimbilia Butembo. Tuliomba mkopo urefushwe mwaka mmoja, na kwa miezi mitatu ya kwanza nilipe riba tu, mpaka biashara isimame. Niliuliza kama huko mbele riba itakuwa nyingi zaidi. Mume wangu alisema ndiyo, muda ukirefuka na riba inaongezeka. Nikamwambia andika hivyo hivyo.

Sehemu ya tatu ndiyo iliyonishinda. Niliandika kwamba baada ya miezi hiyo nitalipa rejesho lile lile la zamani. Nisingeweza kuonekana nimeshuka. Ili hesabu ikubali nikaingiza zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wetu wanawake wa sokoni wa kuchangiana kila wiki na kupokezana.

Yule msichana hakusubiri nirudi kwake. Alikuja mwenyewe kwenye meza yangu sokoni, akanunua maharagwe, akatazama ninavyopima, akauliza ninapata wapi mzigo sasa. Nikamwambia Vuhovi, magunia machache, mengine napeleka Beni. Akaomba barua. Akasoma akiwa amesimama.

"Likelemba ni pesa yako mwenyewe inarudi," alisema. "Haiko faida. Na kila juma unatoa, iyo uandike ku dépenses, ku matumizi."

Akashusha kidole kwenye karatasi.

"Na mama yako, ule wa Beni? Anakula nini?"

"Iyo haiangalie banki," nikamjibu, na nilimaanisha hivyo. Deni ni langu na wao, lakini sahani ya mama yangu sikutaka mtu wa ofisi aifunue.

"Inaangalia, Mama. Mwezi wa kwanza utatulipa na pesa ya dawa yake. Mwezi wa pili utanunua dawa na pesa yetu. Kisha tutarudia kukuandikia barua ya deni."

Alisema bila kunidharau. Nilitaka kumjibu kwa ukali, badala yake nikamwongezea maharagwe kwenye mfuko wake, akakataa akasema yapime. Usiku huo tuliandika yote: kodi ya meza, usafiri, shule, chakula chetu, likelemba, na mstari mmoja, mama, chakula na dawa ya presha. Kilichobaki hakikufika nusu ya rejesho la zamani. Nilikiandika na uso ukiniwaka.

Comité ilikubali. Faini za kuchelewa hazikufutwa, lakini muda niliupata, na rejesho jipya lilikuwa lile lile nililoona aibu kuliandika. Nililia pale pale ofisini, na sioni haya kusema.

Ikabaki saini ya mama, kwa sababu mkataba ukibadilika mwenye rehani lazima akubali tena. Alikuja kutoka Beni akiwa na mkungu wa ndizi wa kumpa msichana wa benki, ambaye alikataa kwa adabu. Mama alisema haweki kidole kwenye kitu ambacho hajasikia. Basi msichana akamsomea faili nzima, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu, polepole. Hapo mama alisikia kwa mara ya kwanza hali yangu yote, depo na kila kitu. Mimi nilitazama sakafu. Ulipofika mstari wake, akainua mkono.

"Mutoshe iyo, muifute. Mimi nitakula sombe, majani ya muhogo ya shamba."

"Mama, hapana," nikasema.

"Mutoshe, nyumba ibakie."

Msichana aliweka kalamu chini. "Mama muzee, tukitosha iyo, hesabu yote itakuwa ya bongo, ya uongo. Pesa yenye atatulipa ni yenye inabakia kisha weye umekula. Comité ilikubali vile."

Mama alinitazama, akaitazama karatasi ambayo hawezi kuisoma.

"Iko imeandikwa pale? Kama mimi ninakula?"

"Iko imeandikwa."

"Soma tena."

Msichana akasoma tena mstari ule, mama, chakula na dawa ya presha, na kiasi chake. Mama akasikiliza hadi mwisho, akafuta kidole kwenye kitenge chake, akamnyooshea msichana mkono akipake wino.