Sauti ya Mama Ndani ya PDF

Mama alizikwa Mweso, na mdogo wangu wa Pinga hakuweza kufika. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Pikipiki hazikupita.

Mimi nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Mweso, kwa hiyo kijitabu cha maombolezo nilikitengeneza mwenyewe: picha, maisha yake, nyimbo alizozipenda. Siku moja kabla hajafa, Mama aliniambia nishike simu nirekodi maneno yake kwa yule mtoto aliye mbali. Sauti hiyo niliiingiza ndani ya PDF, chini ya picha yake. Nilipoifungua kwa Acrobat Reader, programu ya kusomea PDF iliyo kwenye kompyuta yangu, iliniuliza kwanza kama naiamini hati hiyo. Nikakubali, nikabofya picha, na Mama akasema. Nililia palepale. Kisha nikatuma kijitabu Pinga kwa WhatsApp, nikamwambia mdogo wangu aguse picha asikie sauti.

Mdogo wangu aliita mke, watoto na majirani, wakaketi kusikiliza. Baadaye akanipigia.

"Dada, ninagusa picha ya Mama, hakuna kitu. Tumejaribu mu simu tatu."

"Tafuta mashini, kompyuta."

Alikwenda kwa muuguzi wa kituo cha afya, aliyekuwa na kompyuta. PDF ikafunguka ndani ya programu ya intaneti. Ikaonyesha picha, bila sauti.

"Dada," akasema, na sasa alinong'ona, "pengine Mama amenikasirikia, juu sikumuzika."

Maneno hayo yaliniumiza kuliko mazishi. Nilimweleza kwamba sauti imo ndani ya faili, lakini programu nyingi za kusomea PDF, zile za simu na zile za intaneti, huonyesha ukurasa tu. Chache ndizo zinazoweza kuicheza, kama ile ya kompyuta yangu, na muuguzi hakuwa nayo. Kuishusha kwa mtandao dhaifu wa Pinga kusingewezekana.

"Kwa hiyo hajanyamaza?"

"Hajanyamaza. Ni simu ndiyo haijue kumufungulia mulango."

Rekodi ya kwanza ilikuwa bado kwenye simu yangu. Nikaituma peke yake, sauti tupu, bila kijitabu. Ilichukua muda kupanda, nami nikasimama nje ya kibanda nikiangalia duara la kutuma likizunguka kwenye simu.

Najua alichokisikia, maana nilikuwapo Mama aliposema: "Mutoto wangu, kama barabara iko mubaya, usikuje. Baki na watoto. Mimi nitakuwa nimekusamehe mbele hujaomba."

Hakunipigia siku ile. Kesho yake mke wake ndiye aliyepiga. Akasema bwana wake ameamka mapema, amekwenda kulima maharage, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu habari ya kifo ilipofika.