Fomu Niliyokataa Kusaini

Mteja wangu wa Marekani alikuwa akinipa kazi ya kutafsiri mafunzo ya wauguzi kwa Kiswahili, nami niliifanyia kwenye meza ya chakula, katika nyumba ninayopanga Kileleshwa, jijini Nairobi. Tulielewana vizuri hadi ofisi yao ya fedha ilipopata mkuu mpya. Aliniandikia nijaze fomu ya W-9 kabla ya Ijumaa, la sivyo wangekata asilimia thelathini ya malipo yangu na kuipeleka kwa serikali yao.

Niliisoma fomu neno kwa neno. Ndiyo kazi yangu. Anayeisaini huapa kwamba ni Mmarekani kwa mambo ya ushuru. Mimi pasipoti yangu ni ya Kenya, na Marekani sijawahi kufika.

Nilimwandikia kaka yangu, anayeishi kule, akanipigia simu. "Weka namba yangu ya ushuru, mambo yaishe."

"Halafu mapato yaandikwe kwa jina la nani?"

"Langu. Tutapanga baadaye."

"Hapana, kaka. Hapo tutakuwa tumedanganya wote wawili."

Alininunia kidogo. Mimi nilikata simu nikiwa na amani.

Asubuhi nilikwenda Adams Arcade kwa mhasibu mmoja, mama mwenye ofisi ndogo juu ya maduka. Aliitazama fomu, akanirudishia.

"Hii ni ya Wamarekani wenyewe, dada. Yako, ya wageni, inaitwa W-8BEN. Hapa unaandika PIN yako ya ushuru ya Kenya. Sehemu ya mkataba iache tupu, maana sisi na Marekani hatuna mkataba wa ushuru."

"Kwa hivyo watakata tu?"

"Kazi uliifanyia wapi?"

"Kwangu, Kileleshwa."

"Yote?"

"Yote."

"Basi hawana cha kukata. Malipo ya kazi kama yako yanahesabiwa ni ya mahali ilipofanyiwa. Waandikie hivyo, na uisaini barua."

Niliijaza fomu pale pale, nikaandika barua fupi: mimi si Mmarekani, kazi yote nimeifanyia Nairobi. Mkuu yule alijibu kwamba sheria ni thelathini kwa kila mgeni. Zamani ningeomba radhi kwa kumsumbua. Safari hii nilimwandikia kwa heshima kwamba thelathini ni ya mapato yanayotoka Marekani, na haya hayatoki huko. Amuulize mshauri wao wa ushuru.

Sikumkumbusha, niliendelea na sura ya kufunga vidonda. Siku ya nne alijibu: "Uko sahihi. Samahani." Malipo yaliingia kamili, nami niliyatangaza hapa Kenya nilipojaza ritani yangu ya mapato ya mwaka, kwa sababu ushuru wake ni wa hapa.

Wiki iliyofuata ofisi yao iliniomba ruhusa ya kuitumia barua yangu kama mfano kwa watafsiri wao wengine walio nje. Nilikubali, lakini kwanza nilisahihisha koma moja.