Koki ya Tangi la Maji ya Mvua

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilisoma miaka michache tu, na mkono wangu huenda polepole.

Mwaka ule wa joto kali, mganga Mjerumani niliyemfanyia kazi karibu na Mwaya alipanda milimani na mkewe kukimbia homa. Wenzangu walikwenda naye kubeba mizigo. Nilibaki peke yangu kulinda nyumba ya wagonjwa, na mgonjwa alikuwa mmoja: mama mfinyanzi wa Kikisi, kutoka ufukweni mwa ziwa. Aliungua mguu akichoma vyungu.

Mganga aliniagiza, "Kidonda kioshe kila siku kwa maji ya tangi tu. Maji ya kisima yana tope. Mguu ukioza, nitaukata."

Tangi lilikuwa la chuma, refu kama mtu, lenye koki ya shaba karibu na chini. Koki ilikuwa inadondosha. Tone moja, kisha unavuta pumzi, tone jingine. Sikujali. Tone ni nini? Mimi si mtu wa maneno mengi, na sauti ile ilikuwa kama mtu anayeongea nami mchana kutwa.

Siku moja niligonga tangi kwa kidole. Juu lilikuwa tupu, na katikati pia. Mlio ulibadilika chini kabisa, usawa wa goti langu. Mvua ilikuwa bado mbali.

Mama akacheka akiwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. "Umeyanywa wewe?"

"Hapana, mama. Ni haya matone."

"Weka chungu changu chini yake, tuone."

Niliweka asubuhi. Kabla ya adhuhuri kilijaa. Jioni kilijaa tena, na kuku walikuwa wameshatia midomo na miguu, hata maji yale hayakufaa kwa kidonda. Chungu kimoja kilitosha kuosha mguu siku mbili. Nikahesabu na usiku pia, wakati sisi tumelala na koki hailali. Yale maji yalikuwa mguu wake.

Nikaikaza koki kwa nguvu zangu zote. Ilinyamaza, kesho yake ikadondosha zaidi. Nikakaza tena.

"Unaikaba kama mwizi wa kuku!" mama akasema. "Chungu kikivuja hukikazi. Unatazama ufa uko wapi. Ifungue."

"Nikiifungua, maji yote yatamwagika."

"Basi ziba tundu kwa ndani, mwanangu. Au unaogopa kuoga?"

Niliona haya, lakini nilifanya. Nilioga kisimani kwa sabuni, nikajimwagia chungu kimoja cha maji ya tangi, nikaingia kwa kifuniko cha juu. Nilishindilia gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa safi katika tundu la kutokea maji. Nilipotoka nilifungua koki kwanza, kuhakikisha. Yakatoka kidogo, yakakatika. Ndipo nikafungua kichwa cha koki kwa spana ya mganga.

Kijiti cha shaba kilitoka. Mwishoni mwake palikuwa na kiduara cha ngozi kilichobanwa kwa nati ndogo. Ngozi ilikuwa ngumu kama gome, imechimbika mfereji pembeni. Kule kukaza kwangu kulizidi kuikata. Mama akatia kidole ndani ya koki, akapapasa ukingo wa shaba ambapo ngozi hukalia, kama anavyopapasa mdomo wa chungu.

"Mdomo ni mzima, una uchafu tu. Ufute. Kilichokufa ni ngozi."

Nilikata kipande cha mkanda wangu wa ngozi ya ng'ombe. Yeye akakichonga duara kwa kisu chake cha kufinyangia, akikilinganisha na kile cha zamani, akatoboa katikati. Tukakilainisha kwa mafuta, nikakibana kwa nati, nikarudisha kichwa na kukikaza, nikafunga koki taratibu. Kisha nikaingia tena kuchomoa gunzi.

Tulitazama chini ya koki. Mchanga ulibaki mkavu.

"Ndaga," nikamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Sasa ifunge kwa vidole viwili tu," akasema. "Usiikabe."

Maji yalitosha. Kidonda kilifunga siku chache kabla ya mvua ya kwanza, na ndugu zake wakaja na mtumbwi. Alitembea mwenyewe hadi majini, akichechemea kidogo, akinitania kwamba suruali itanianguka sasa mkanda umekuwa mfupi. Nilipopata jibu, mtumbwi ulikuwa umeshafika mbali.

Nikarudi kwenye nyumba ya wagonjwa isiyo na mgonjwa. Koki ilikuwa kimya, kila kitu kilikuwa kimya. Mganga alikawia wiki kadhaa, nami nikaanza kuandika haya ili mkono uwe na kazi.

Wewe uliyeyasoma mpaka hapa, niandikie, hata mistari miwili tu. Niambie huko kwenu mnateka maji wapi, na nani anakaa nawe mchana. Hata kama mwandiko wako ni mbaya kama wangu, nitausoma.