Mbio Zisizo na Mngurumo

Dobi alishinda mbio za magari kwenye simu akiwa amevaa visikizi, asimsumbue mama mkwe. Shindano la mchezo huo lilitaka video yenye sauti ya mchezo kabla ya saa kumi. Alipoitazama video aliyorekodi, hakusikia injini, alisikia mama mkwe akikohoa.

"Wifi, gari lako lina kifua," alisema dada wa mumewe.

"Nicheke kwa nguvu za nani?"

Wifi yake alifungua mipangilio ya kurekodi skrini. Kumbe ilichukua sauti ya maikrofoni. Akachagua sauti ya simu yenyewe.

"Na ile ya kwanza?" Dobi aliuliza.

"Haiponi. Sauti ya mchezo haikuingia kabisa."

Dobi alinyoosha vidole vilivyochoshwa na kufua. Akarekodi kidogo kujaribu, injini ikanguruma. Basi akaanza mbio upya.